Nondo za Kutosha, Ziletwe Mapema

"Nondo mm 12 na mm 8, za kutosha mikanda ya madarasa mawili. Ziwe imara. Ziletwe mapema iwezekanavyo."

Agizo kama hili halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya ujenzi. Aliyeliandika anajua anachokitaka, na anaamini muuzaji naye anajua. Muuzaji anajibu kwa profoma safi yenye bei ya kila nondo moja, lakini kwenye safu ya idadi ameandika "kulingana na mahitaji" na kwenye safu ya tarehe "mzigo ukiwa tayari". Mihuri inagongwa pande zote mbili. Siku mbili baadaye faili linafika mezani kwa meneja mradi, naye anagundua kwamba kitu pekee kilichokubaliwa kwa uhakika ni bei.

Afanye nini? Wengi hupiga simu. Wanaelewana vizuri kabisa, wanacheka, wanaagana, na hakuna kinachobaki kwenye karatasi. Wengine huandika barua ya ukali kumlaumu muuzaji kwa agizo ambalo ofisi yao wenyewe ndiyo iliyolitoa likiwa na matundu. Njia zote mbili huliacha agizo pale lilipokuwa. Barua inayotakiwa ina kazi moja tu: kuziba mapengo matatu kabla lori halijapakia, na kupata sahihi ya muuzaji chini ya maneno mapya.

Haraka ni ya lazima kwa sababu pengo kwenye agizo haliendelei kuwa pengo. Lazima litajazwa na mtu. Usipotaja idadi, ukubwa wa lori utaitaja. Usipotaja tarehe, itapangwa na foleni ya wateja wa muuzaji. Usipotaja aina, utapelekewa iliyoko stoo. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akayajaza mapengo yote kwa namna inayomfaa yeye. Huo si wizi. Ndivyo biashara inavyokwenda mnunuzi akinyamaza.

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini wenye vipimo vya kweli. Ni jengo la madarasa mawili yaliyoungana, lenye kuta mbili ndefu za mita 18.5 kila moja na kuta tatu za kukatisha za mita 7. Jumla ya urefu wa kuta ni mita 58. Juu ya msingi unapita mkanda wa zege, na mwingine unapita juu ya madirisha kuzunguka kuta zote. Mchoro wa mhandisi unaonyesha kwamba kila mkanda una nondo nne za 4Y12 zinazokwenda kwa urefu, zikishikwa na ringi za R8-200, yaani ringi za nondo ya milimita 8 zilizopangwa kila baada ya milimita 200.

Hapo tayari kuna jambo. Mchoro unasema Y12 na R8. Agizo linasema "mm 12 na mm 8". Herufi mbili zimepotea njiani kutoka kwenye mchoro hadi kwenye hati ya ununuzi, na herufi hizo ndizo zenye kubeba nguvu ya jengo. Katika michoro inayofuata desturi ya zamani ya Kiingereza, ambayo mafundi wetu wengi wameizoea, Y ni nondo yenye mikunjo iliyotengenezwa kwa chuma kigumu, ambacho huanza kulegea kikifikia mkazo wa newtoni 460 kwa milimita moja ya mraba. R ni nondo laini ya mviringo, ambayo hulegea kwenye 250 tu. Inapindika kwa urahisi, ndiyo maana inafaa kwa ringi. Muuzaji akileta nondo laini ya milimita 12, atakuwa ametimiza agizo lililoandikwa "mm 12", na mkanda utakuwa umepata chuma chenye nusu na kidogo tu ya nguvu aliyoikusudia mhandisi.

Turudi kwenye idadi. "Za kutosha" ni hesabu ambayo mtu anatakiwa kuifanya, na mtu huyo si muuzaji. Mita 58 mara nondo nne ni mita 232. Kwa mikanda miwili ni mita 464. Nondo moja ina urefu wa mita 12, kwa hiyo kwenye kuta ndefu lazima ziungwe kwa kupandishana, kiasi cha sentimita 60 kila kiungo, na pembeni zinapindwa kuingia ukuta wa pili. Ukiongeza asilimia 10 kwa viungo, pembe na vipande vinavyopotea, unapata takriban mita 510. Gawanya kwa 12, unapata nondo 43. Ringi nazo: moja kila sentimita 20 katika mita 58 ni ringi 290, na kwa mikanda miwili ni 580. Kwa mkanda wa ukubwa wa kawaida wa ukuta wa tofali, ringi moja pamoja na ndoano zake hula sentimita zipatazo 82, hivyo nondo moja hutoa ringi 14 na kubaki kipande. Nondo 42 za milimita 8 zinatosha. Ni kazi ya robo saa kwa mtu mwenye mchoro mbele yake. Anayeandika "za kutosha" ameiruka kazi hiyo na kumrushia muuzaji asiye na mchoro.

Lakini hata kuandika "nondo 43" peke yake hakufungi pengo, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia bila kujua. Uzito wa nondo hufuata kipenyo chake. Mafundi wana kanuni fupi ambayo inafaa kukaririwa: zidisha kipenyo kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Kwa milimita 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani gramu 889. Nondo nzima ya mita 12 ina uzito wa kilo 10.7 hivi. Sasa sokoni kuna nondo zinazoitwa za 12 ambazo kipenyo chake halisi ni milimita 11. Kwa macho huioni tofauti, na hata kipimo cha kubana kinadanganya kwa sababu ya mikunjo iliyo juu ya chuma. Ila kwa kanuni ileile, mita moja ya nondo hiyo ina gramu 747. Pungufu ni asilimia 16, na kwa kuwa nguvu ya nondo hutokana na unene wa chuma chenyewe, nguvu nayo imepungua kiasi hichohicho.

Ukinunua kwa kuhesabu, utahesabu nondo 43 na zitatimia. Zaidi ya kilo 70 za chuma zitakuwa hazijafika na hakuna atakayegutuka. Ukinunua kwa uzito tu, mambo yanageuka kwa namna ya kuchekesha: utaagiza kilo 458, utaletewa nondo 51 nyembamba, na mtunza stoo atakusifia muuzaji kwamba ametoa na nyongeza. Ndiyo maana barua nzuri hutaja vyote viwili, idadi na uzito wa chini wa mita moja. Kimoja kinamlinda mnunuzi dhidi ya lori pungufu, cha pili dhidi ya chuma chembamba.

Tarehe nayo ina mitego yake. "Mapema iwezekanavyo" haina siku ya kuchelewa. Mzigo ukifika baada ya miezi miwili, muuzaji atasema hapo ndipo ilipowezekana. Tarehe ya kweli huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kumwaga zege. Tuseme mkanda wa chini unamwagwa Jumatano tarehe 18 Machi 2026, kabla masika hayajaharibu barabara ya kuingilia. Fundi nondo na msaidizi wake wanahitaji siku nne za kukata, kupinda ringi na kufunga. Toa Jumapili, unaangukia Ijumaa tarehe 13 kuwa siku yao ya kwanza. Mzigo ufike Alhamisi tarehe 12. Siku ya juma iandikwe pamoja na tarehe, kwa kuwa hivyo viwili vikipingana mtu ataona kosa. Mwezi uandikwe kwa jina, maana 12/3 kwa mwingine ni Desemba. Na saa iandikwe na neno la wakati: "saa 2 asubuhi" haina utata, lakini karani aliyezoea saa za Kizungu akiona "saa 8" peke yake anaweza kumwamsha dereva alfajiri wakati ninyi mnamngoja baada ya chakula cha mchana.

Kuna swali moja zaidi ambalo tarehe hulificha: ni tarehe ya mzigo kutoka ghalani au kufika saiti? Profoma nyingi humaanisha kutoka, mnunuzi husoma kufika. Katikati ya hayo mawili kuna nauli ya lori, kuna ajali, kuna wapakuaji. Pia kuna jambo la urefu. Nondo ya mita 12 haikai kwenye Fuso la kawaida, hivyo hukunjwa katikati kama pini ya nywele na kunyooshwa saiti. Wengi wameizoea hali hiyo. Mhandisi anayejali hataki chuma kigumu kikunjwe kwa nguvu kisha kinyooshwe kwa nyundo, kwa sababu pale kwenye mkunjo kinaweza kupata nyufa. Kama hataki, barua iseme sasa, kwa sababu gari refu lina bei yake na muuzaji ana haki ya kuijua kabla.

Baada ya hesabu hizo, barua yenyewe huwa fupi. Ifuatayo ni sura yake. Nimeacha majina na anwani.

Kumb. Na. 07/NONDO
Jumatatu, 2 Machi 2026

Meneja Mauzo,

YAH: KUKAMILISHA AGIZO LA NONDO LA TAREHE 26 FEBRUARI 2026

Tunarejea agizo letu la tarehe 26 Februari na profoma yenu ya tarehe 27 Februari. Tumebaini kwamba agizo letu halikutaja idadi, tarehe ya kufikisha mzigo wala aina ya nondo, na profoma yenu imeyaacha mambo hayo wazi. Tunaomba msipakie mzigo wowote hadi yafuatayo yatakapokubaliwa kwa maandishi.

Idadi. Nondo 43 za milimita 12 na nondo 42 za milimita 8, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12. Hatutapokea wala kulipia zaidi ya idadi hiyo.

Aina. Nondo za milimita 12 ziwe za mikunjo, za chuma chenye nguvu isiyopungua newtoni 460 kwa milimita ya mraba, kama mchoro unavyoonyesha kwa alama Y12. Za milimita 8 ziwe laini za mviringo, alama R8, nguvu isiyopungua 250. Kipande cha mita 1 kisipungue gramu 850 kwa nondo za milimita 12 na gramu 370 kwa nondo za milimita 8. Mzigo uje na cheti cha kiwanda chenye namba inayolingana na lebo zilizofungwa kwenye mafungu. Nondo za milimita 12 zisikunjwe.

Tarehe. Mzigo wote ufike saiti Alhamisi, 12 Machi 2026, kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni. Kazi ya zege imepangwa tarehe 18 Machi na haiwezi kuanza bila nondo za aina zote mbili. Mzigo usipofika hadi mwisho wa Jumamosi, 14 Machi, tutakuwa huru kufuta agizo na kununua kwingine.

Bei ya kila nondo ibaki ile ya profoma yenu. Kama kuna sharti lolote hapo juu linalobadilisha bei au ambalo hamwezi kulitimiza, tafadhali litajeni.

Mkikubali, wekeni sahihi na muhuri kwenye nakala iliyoambatanishwa na kuirudisha kabla ya saa 10 jioni Alhamisi, 5 Machi. Tusipopata jibu, tutahesabu kwamba hakuna makubaliano na agizo halitaendelea.

Meneja Mradi

Msomaji aliyezoea barua za ofisini ataona kilichokosekana: hakuna "husika na mada tajwa hapo juu", hakuna "ni matumaini yangu". Sina ugomvi na adabu za barua, ila nimeona aya nzima ya salamu ikimchosha msomaji kabla hajafika kwenye tarehe. Adabu ya barua hii iko mahali pengine. Iko pale inapokiri kwamba "agizo letu halikutaja". Muuzaji anayelaumiwa kwa kosa lisilo lake hutafuta la kujitetea, na muda unapita. Anayeambiwa ukweli hurudisha nakala.

Sentensi nzito zaidi ni ile ya kuomba sahihi. Watu hudhani barua ya meneja ikishafika, masharti yamebadilika. Hayajabadilika. Kama tayari kuna makubaliano, upande mmoja hauwezi kuyaongezea masharti kwa kumwandikia mwenzake. Na kama hakuna, barua hii ni pendekezo tu linalosubiri kukubaliwa. Kwa vyovyote, kinachoipa nguvu ni jibu. Ndiyo maana pia imeandikwa kwamba kimya kitahesabiwa kuwa hapana. Mameneja wengi huandika kinyume chake, "msipojibu tutachukulia mmekubali", na hilo ni jengo la mchanga: kwa kawaida huwezi kumfunga mtu kwa kunyamaza kwake.

Sheria inasemaje kuhusu agizo lililobaki na matundu? Tanzania ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya ina yake, Sura ya 31. Zote mbili zilichotwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, kwa hiyo zinafanana sana. Muuzaji akitakiwa kupeleka mzigo na muda haukutajwa, sheria inampa muda unaofaa. Muda gani unafaa ni suala la kuthibitisha kwa ushahidi, na kwa mtu mwenye zege tarehe 18 hiyo si faraja. Kwenye idadi sheria ni kali na ya kumsaidia mnunuzi: mzigo ukija pungufu unaweza kuukataa wote, ukija zaidi unaweza kuchukua uliokubaliana na kukataa ziada, au kukataa wote. Lakini ukiupokea huo pungufu au huo wa ziada, utaulipia kwa bei ya mkataba. Sasa jiulize: bila idadi kuandikwa, pungufu ni ipi na ziada ni ipi? Haki ipo kitabuni na huna pa kuishikia.

Pengo la aina linaweza kwenda mbali zaidi, hadi kuua mkataba wenyewe. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imefuata ile ya India ya mwaka 1872. Katika sheria hiyo ya India kuna mfano wa mtu aliyekubali kuuza tani 100 za mafuta bila kitu chochote kuonyesha ni mafuta gani. Mkataba huo ni batili, kwa kuwa hauwezi kueleweka. Mfano mwingine ni wa muuzaji wa mafuta ya nazi pekee, na hapo mkataba unasimama, maana biashara yake inajieleza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hauzi aina moja ya nondo. Anauza laini na za mikunjo, nene na zilizopungua.

Kuna mlango mmoja wa nyuma kwa mnunuzi aliyesahau kutaja aina. Kama alimweleza muuzaji kazi ya bidhaa na ikaonekana wazi kwamba anategemea ujuzi wake, sheria humtaka muuzaji anayeuza bidhaa za namna hiyo alete kinachofaa kwa kazi hiyo. Maneno "kwa mikanda ya madarasa" yanaweza kusaidia hapo. Mimi nisingelitegemea jengo la watoto juu ya hoja hiyo, hasa pale ambapo mnunuzi alikuwa na mhandisi na mchoro, kwa sababu muuzaji atauliza kwa nini mwenye mhandisi alimtegemea mwenye duka.

Turudi kwenye mfano wetu tuone barua ikifanya kazi. Jumatano tarehe 4 Machi muuzaji anajibu: nondo za milimita 12 zipo, atazileta tarehe 12 kwa gari refu kwa nyongeza ya nauli, za milimita 8 laini zimekwisha, zitafika tarehe 16, ila anazo za milimita 10 na anaweza kuzileta badala yake. Jibu hili si kukubali. Ni pendekezo jipya, na meneja akisema "sawa" kwa simu amelikubali lote, pamoja na lile asilolitaka.

Kila kipande kina mtu wake wa kukiamua. Nauli ni ya meneja, ndani ya bajeti. Milimita 10 badala ya 8 ni ya mhandisi, wala isiamuliwe stoo kwa hoja kwamba nene ni bora. Nondo ya milimita 10 ina uzito wa gramu 617 kwa mita badala ya 395, kwa hiyo ukilipa kwa uzito gharama ya ringi inapanda kwa zaidi ya nusu. Ringi yenyewe inakuwa ngumu kupinda kwenye boksi dogo, na inakula nafasi ya zege linalotakiwa kufunika chuma kisipate kutu. Mhandisi anaweza kukubali na kutanua umbali kati ya ringi, au akakataa. Vyovyote, uamuzi uje na sahihi yake.

Tarehe 16 ndiyo inayouma. Mtu asiyefanya kazi hiyo ataona nafuu: nusu ya mzigo imefika, fundi aanze na iliyopo. Ila nondo ndefu haziwezi kufungwa bila ringi, na kupinda ringi 580 ndiyo kazi inayokula muda mwingi zaidi. Nondo za milimita 12 zikifika peke yake zitalala chini zikisubiri. Kama sentensi ya "haiwezi kuanza bila nondo za aina zote mbili" isingekuwamo kwenye barua, muuzaji angekuwa na haki ya kushangaa. Kwa kuwa imo, meneja anaandika mistari miwili: tunakubali nondo 43 za Y12 tarehe 12 kwa nauli mliyoitaja, tunaziondoa nondo 42 za R8 kwenye agizo hili na hatutazipokea. Anazinunua hizo kwa mwingine siku hiyohiyo, akinakili maelezo ya aina kutoka barua ya kwanza neno kwa neno. Muuzaji anarudisha nakala yenye sahihi. Sasa ndipo agizo limekamilika, wiki moja kabla ya mzigo.

Kinachobaki ni siku ya kupokea. Katika miradi ya shule inayojengwa kwa utaratibu wa force account nchini Tanzania, kamati ya mapokezi ni tofauti na ile ya manunuzi, na mara nyingi wajumbe wake ni wanakijiji ambao hawajaiona barua hata moja. Wapeni nakala. Wahitaji vitu vitatu tu mkononi: barua yenye sahihi, msumeno wa chuma, na mizani ya kupimia gramu, hata ile ya dukani. Wachague nondo moja bila kumwachia dereva achague, wakate mita moja kamili kwa kupima kwa futi ya chuma, waipime. Gramu 850 na kuendelea, mzigo unashuka. Chini ya hapo, lori linasubiri mpaka mhandisi apigiwe simu. Walinganishe na namba ya lebo na ile ya cheti. Cheti kisicholingana na lebo ni karatasi ya mzigo wa mtu mwingine.

Kisha inakuja hati ya kupokelea mzigo, ambayo kwa kawaida imechapwa tayari maneno kwamba bidhaa zimepokelewa zikiwa katika hali nzuri. Sheria humpa mnunuzi nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa kwamba amekubali, lakini sahihi chini ya maneno hayo humpa muuzaji silaha ya kusema ukaguzi ulikwishafanyika. Dereva akiwa na haraka na mizani haijafika, msimzuie na msimkatalie sahihi. Andikeni kwa kalamu kwenye nakala zote, juu ya sahihi: "Nondo 43 zimehesabiwa. Uzito na aina havijapimwa." Nakala moja aondoke nayo, nyingine ibaki kwenye faili pamoja na barua.